Madaraja Saba, Miti Ishirini na Mmoja

Mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi, ulijengwa kwenye pande mbili za mto Pregel. Katikati ya mto kuna kisiwa cha Kneiphof, na mashariki yake kuna kipande kingine cha nchi kavu, Lomse, kilicho kati ya matawi mawili ya mto. Katika karne ya 18 sehemu hizo nne ziliunganishwa na madaraja saba. Mawili yalitoka Kneiphof kwenda ng'ambo ya kaskazini, na mawili mengine kwenda ng'ambo ya kusini. Moja, liitwalo Daraja la Asali, liliunganisha Kneiphof na Lomse. Mawili yaliyobaki yalitoka Lomse, moja kwenda kaskazini na moja kusini.

Madaraja hayo yanajulikana kwa sababu ya Leonhard Euler, aliyeonyesha mwaka 1736 kwamba haiwezekani kutembea mjini humo kwa kulivuka kila daraja mara moja tu. Lakini ramani hiyohiyo inabeba swali jingine, na hili lina jibu la namba. Tuseme madaraja yanahitaji matengenezo, na inatakiwa yafungwe mengi kadiri iwezekanavyo, ila watu waendelee kufika kila sehemu ya mji kwa miguu. Je, kuna njia ngapi za kuchagua madaraja ya kuacha wazi?

Idadi ya madaraja hayo haina shida. Yakifungwa yote, mji una vipande vinne vilivyotengana. Kila daraja linalofunguliwa huweza kuunganisha vipande viwili kuwa kimoja, basi hupunguza idadi ya vipande kwa kimoja tu. Kutoka vipande vinne hadi kimoja yanahitajika madaraja matatu, si pungufu. Kazi iliyopo ni kujua ni utatu upi unaofaa na upi usiofaa.

Katika lugha ya hesabu, sehemu za mji ni nukta, madaraja ni viungo, na mchoro mzima wa nukta na viungo huitwa grafu. Seti ya viungo inayozifikia nukta zote bila kuwa na mzunguko wowote ndani yake huitwa mti unganishi. Jina la mti linafaa kweli: kutoka tawi moja hadi jingine kuna njia moja tu, na ukikata popote, kipande kinadondoka. Utatu wa madaraja unaotafutwa hapa ni mti unganishi wa grafu ya Königsberg, na swali ni kuhesabu miti hiyo.

Kwa grafu ndogo kama hii, kuhesabu kwa vidole kunawezekana. Kuchagua madaraja matatu kati ya saba kuna njia 35. Utatu usiofaa ni ule wenye mzunguko. Mzunguko wa kwanza ni yale madaraja mawili ya kaskazini yaendayo Kneiphof: kwenda kwa moja na kurudi kwa jingine. Ukichagua yote mawili, daraja la tatu laweza kuwa lolote kati ya matano yaliyobaki, kwa hiyo kuna utatu 5 mbovu. Upande wa kusini nao una 5. Kisha kuna pembetatu: Kneiphof, kaskazini, Lomse, kisha kurudi Kneiphof. Kwa kuwa hatua ya kwanza ina madaraja mawili ya kuchagua, pembetatu hiyo ni 2, na ya kusini ni 2 vilevile. Jumla ya utatu mbovu ni 14. Ukiitoa kwenye 35, inabaki 21.

Njia hii haiendi mbali. Chukua mitaa iliyopangwa kama dama, yenye makutano manne kwa manne. Makutano ni 16, vipande vya barabara ni 24, na mti unganishi unahitaji vipande 15. Kuchagua 15 kati ya 24 kuna njia 1,307,504, na kila moja ingepaswa kukaguliwa kama ina mzunguko. Hakuna mtu atakayefanya hivyo kwa mkono. Hata hivyo jibu lake, 100,352, linapatikana kwa hesabu ya ukurasa mmoja au miwili, bila kuandika hata mti mmoja. Kinachowezesha hayo ni jedwali la namba na determinanti yake.

Jedwali hilo huitwa matriksi ya Laplace, kwa jina la mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace. Kulijenga ni rahisi. Kila nukta ina safu yake ya kulala na safu yake ya wima. Kwenye mshazari, pale nukta inapokutana na yenyewe, huandikwa idadi ya viungo vinavyoigusa nukta hiyo. Pale nukta mbili tofauti zinapokutana, huandikwa idadi ya viungo kati yao, ikiwa na alama ya kutoa. Pasipo na kiungo huandikwa sifuri. Kneiphof ikiitwa A, kaskazini B, kusini C na Lomse D, jedwali la Königsberg ni hili:

```
       A    B    C    D
A      5   -2   -2   -1
B     -2    3    0   -1
C     -2    0    3   -1
D     -1   -1   -1    3
```

Kneiphof inaguswa na madaraja matano, ndiyo maana kuna 5. Kati ya kaskazini na kusini hakuna daraja la moja kwa moja, ndiyo maana kuna 0. Kabla ya kuendelea kuna ukaguzi wa aina mbili ambao haupaswi kurukwa, kwa sababu makosa mengi huzaliwa hapa. Kila safu lazima ijumlishwe kuwa sifuri: 5 toa 2 toa 2 toa 1 ni sifuri, na nyingine hali kadhalika. Pia namba za mshazari zikijumlishwa lazima zitoe idadi ya viungo mara mbili, kwani kila daraja lina ncha mbili: 5 + 3 + 3 + 3 ni 14, na madaraja ni saba. Aliyesahau kwamba madaraja ya kaskazini ni mawili, akaandika -1 badala ya -2, ataliona kosa lake papo hapo.

Determinanti ni namba moja inayotolewa kwenye jedwali la mraba. Kwa jedwali la mbili kwa mbili, zidisha namba za mshazari mmoja, kisha toa zao la mshazari wa pili. Kwa majedwali makubwa njia nzuri ni ya kufuta: kuongeza sehemu ya safu moja kwenye safu nyingine hakubadilishi determinanti, kwa hiyo safu huongezwa hadi namba zote zilizo chini ya mshazari ziwe sifuri. Hapo determinanti ni zao la namba za mshazari tu.

Anayekimbilia kutafuta determinanti ya jedwali zima atapata sifuri. Atapata sifuri kwa Königsberg, kwa mitaa ile ya dama na kwa grafu nyingine yoyote. Sababu ni ileile jumla ya kila safu kuwa sifuri: safu moja inaweza kupatikana kutoka kwa zile nyingine, haina habari mpya, na determinanti ya jedwali la namna hiyo ni sifuri daima. Dawa yake ni kuichagua nukta moja, yoyote ile, na kufuta safu yake ya kulala na ya wima. Ikifutwa A, yanabaki haya:

```
 3    0   -1
 0    3   -1
-1   -1    3
```

Sasa ongeza theluthi moja ya safu ya kwanza kwenye ya tatu, kisha theluthi moja ya safu ya pili kwenye hiyohiyo ya tatu. Namba za -1 mwanzoni mwa safu ya tatu zinageuka sifuri, na ile 3 ya mwisho inapunguzwa theluthi moja mara mbili, inabaki 7/3. Mshazari sasa una 3, 3 na 7/3. Zao lake ni 9 × 7/3, yaani 21.

Ikifutwa D badala ya A, jedwali linalobaki lina sura nyingine kabisa, lenye 5, 3 na 3 kwenye mshazari, lakini likifutwa kwa utaratibu uleule jibu ni 21 tena. Huu nao ni ukaguzi mzuri kwa anayefanya kwa mkono: futa nukta mbili tofauti kwa zamu na ulinganishe majibu. Jibu likiwa hasi au likiwa na desimali, basi kuna kosa njiani. Likiwa sifuri bila kosa, maana yake grafu imekatika vipande na haina mti unganishi hata mmoja.

Inawezekanaje jedwali lisilojua lolote kuhusu mizunguko liipate namba sahihi? Siri imo katika jedwali jingine ambalo matriksi ya Laplace imetengenezwa nalo. Kila daraja lipewe mwelekeo, wowote ule, kama mshale uliochorwa kwa chaki. Kisha andika jedwali ambalo safu zake za kulala ni sehemu za mji na safu zake za wima ni madaraja saba. Mshale unapoanzia weka 1, unapoishia weka -1, kwingine sifuri. Safu ya A ikifutwa, linabaki jedwali la safu tatu za kulala na saba za wima. Likizidishwa na nakala yake iliyolazwa ubavu, yaani safu za wima zikiwa za kulala, hutoka jedwali lilelile la tatu kwa tatu lenye 3, 3, 3. Ni rahisi kuona kwa nini: kila daraja linaloigusa nukta linachangia 1 kwenye mshazari, kwani 1 mara 1 na -1 mara -1 zote ni 1. Kila daraja kati ya nukta mbili linachangia 1 mara -1, yaani -1, mahali zinapokutana.

Mwaka 1812 Augustin-Louis Cauchy na Jacques Binet walitoa kanuni kuhusu mazao ya namna hii. Ikitumika hapa, inasema determinanti ya zao ni jumla inayopatikana hivi: chagua safu tatu za wima kati ya saba, tafuta determinanti yake, izidishe kwa yenyewe, na ujumlishe kwa chaguo zote 35. Chaguo 35 za safu ni zile chaguo 35 za madaraja. Kwa hiyo inatosha kujua kila utatu unatoa nini.

Utatu wenye madaraja yote mawili ya kaskazini na Kneiphof una safu mbili za wima zinazofanana, pengine kwa tofauti ya alama tu, na determinanti yake ni sifuri. Utatu wa pembetatu ya Kneiphof, kaskazini na Lomse hauigusi kusini, basi safu ya C ni sifuri tupu, na determinanti ni sifuri tena. Mzunguko wowote, mfupi au mrefu, huishia hapo, kwa sababu mishale ya mzunguko ikizungukwa hadi mwanzo hufutana yenyewe kwa yenyewe. Utatu ulio mti hufanya kinyume. Mti una ncha, yaani nukta inayoguswa na kiungo kimoja tu, na safu ya nukta hiyo ina 1 moja au -1 moja na sifuri nyingine zote. Ing'oe ncha hiyo na kiungo chake, na mti mdogo uliobaki nao una ncha. Huendelea kung'olewa hivyo, na determinanti inabaki zao la 1 na -1 kadhaa, yaani 1 au -1. Ikizidishwa kwa yenyewe ni 1. Kila mti huchangia 1, kila kisicho mti huchangia sifuri, na jumla ni hesabu ya miti. Ile kazi ya kuukagua utatu mmojammoja inafanyika yote, ila inafanyika ndani ya determinanti.

Matokeo haya yanahusishwa na Gustav Kirchhoff, naye alizaliwa Königsberg mwaka 1824. Hakuwa akifikiria madaraja. Mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi, alitangaza kanuni mbili za mkondo wa umeme ambazo mpaka leo kila mwanafunzi wa fizikia hukutana nazo, na mwaka 1847 akachapisha makala juu ya kutatua milinganyo ya mitandao ya nyaya. Neno mti kwa maana hii lilikuja baadaye, mwaka 1857, kutoka kwa Arthur Cayley, lakini hesabu ya miti tayari ilikuwamo katika umeme wa Kirchhoff.

Uhusiano huo unaonekana wazi madaraja yakigeuzwa nyaya. Weka waya wenye ukinzani wa omu 1 mahali pa kila daraja, na upime ukinzani kati ya Kneiphof na Lomse. Mkondo una njia tatu. Njia ya kwanza ni Daraja la Asali lenyewe, omu 1. Njia ya pili inapitia kaskazini: nyaya mbili sambamba ni nusu omu, kisha waya mmoja wa omu 1, jumla omu moja na nusu. Ya tatu inapitia kusini, nayo ni omu moja na nusu. Upitishaji wa njia sambamba hujumlishwa: 1 + 2/3 + 2/3 ni 7/3. Ndiyo ileile 7/3 iliyobaki mwishoni mwa jedwali. Haikutokea kwa bahati. Kila hatua ya kufuta safu ni hatua ya kuondoa nukta moja kwenye mtandao na kubadilisha nyaya zake kwa nyaya zinazolingana nazo, na mwisho inabaki namba moja kati ya nukta mbili.

Basi ukinzani kati ya Kneiphof na Lomse ni 3/7 ya omu, sawa na 9/21. Namba hizo mbili zinasomeka kwa miti: kati ya miti 21, ile inayopitia Daraja la Asali ni 9. Hii inaweza kuthibitishwa bila umeme. Mti wenye Daraja la Asali huzifanya Kneiphof na Lomse kuwa sehemu moja. Sehemu hiyo ina madaraja matatu kwenda kaskazini na matatu kwenda kusini, na moja la kila upande linatosha, hivyo njia ni 3 × 3. Kwa jumla, ikiwa kila kiungo ni waya wa omu 1, ukinzani kati ya ncha mbili za kiungo ni sehemu ya miti yote inayokitumia kiungo hicho.

Kwa njia hiyo kila daraja hupata uzito wake. Kila moja la madaraja manne yaliyo mawili-mawili limo katika miti 8. Daraja la kutoka Lomse kwenda kaskazini limo katika 11, na la kusini 11. Jumla ni 32 + 22 + 9, yaani 63, ambayo ni miti 21 ya madaraja matatu matatu. Mtu angeweza kudhani Daraja la Asali, lililo katikati ya ramani, ndilo linalotegemewa zaidi. Hesabu inasema yale mawili ya pembeni yanategemewa zaidi, kwa sababu Kneiphof na Lomse zina njia nyingine za kuzunguka.

Kwa grafu ambamo kila nukta imeunganishwa na kila nyingine kwa kiungo kimoja, determinanti hutoa jibu fupi mno. Nukta zikiwa n, miti ni n ikizidishwa kwa yenyewe hadi kipeo cha n toa 2. Kwa nukta 4 ni 16, kwa nukta 10 ni milioni 100. Kanuni hii hubeba jina la Cayley, aliyeiandika mwaka 1889, ingawa Carl Borchardt alikuwa ameifikia mwaka 1860 kwa njia ya determinanti. Inahesabu nukta zenye majina: miti miwili yenye umbo moja lakini majina yaliyobadilishana nafasi ni miti miwili.

Kompyuta inapofanya kazi hii kuna mtego. Katika mfano wa Königsberg, anayeandika 2.33 badala ya 7/3 atapata 20.97, na ataelewa kwamba ni 21. Kompyuta hufanya ukataji uleule kwa desimali, ila mbali zaidi: namba zake za kawaida za desimali hubeba namba kamili zote kwa uhakika hadi karibu 9 × 10^15 tu. Mitaa ya dama ya sita kwa sita ina miti kama 3.3 × 10^13, na bado inaingia. Ya saba kwa saba inafika karibu 2 × 10^19, na tarakimu za mwisho za jibu haziaminiki tena, ingawa jibu linaonekana zuri machoni. Anayehitaji namba kamili hutumia programu inayohesabu kwa sehemu bila kukata, kama hii ya Python:

```python
from sympy import Matrix
L = Matrix([[ 5,-2,-2,-1],
            [-2, 3, 0,-1],
            [-2, 0, 3,-1],
            [-1,-1,-1, 3]])
print(L[1:, 1:].det())
```

Inachapisha 21. Determinanti hutoa idadi tu: haiorodheshi miti, wala haisemi upi una gharama ndogo. Kazi hizo zina njia zake.

Mabadiliko makubwa zaidi huja viungo vinapokuwa na mwelekeo wa kweli, si wa chaki. William Tutte alishughulikia hali hiyo mwaka 1948. Tuseme Daraja la Asali limefanywa la njia moja, kutoka Kneiphof kwenda Lomse tu, na mengine yamebaki ya pande mbili. Sasa mshazari huhesabu madaraja yanayotoka tu, na nukta inayofutwa si yoyote tena: ni ile ambayo wote wanataka kuifikia. Wakitaka kufika Kneiphof, Lomse inabaki na madaraja mawili ya kutokea. Ile 3 ya mwisho katika jedwali inakuwa 2, baada ya kufuta inabaki 4/3, na 9 × 4/3 ni 12, yaani miti yote isiyotumia Daraja la Asali. Wakitaka kufika Lomse, daraja hilo linawafaa kama awali, na miti ni 21 ileile.